Shamba la hekta 4.109 ambalo kumbe ni 3.985: kisa cha kuchagua projeksheni ya eneo sawa

Jina la kampuni, vijiji na wahusika wote nimeyaondoa. Vipimo vya shamba la mfano nimevizungusha kidogo ili mwenyewe asitambulike, lakini hesabu yake ni ileile.

## Usuli

Mnunuzi mmoja wa kahawa alikuwa na wakulima katika wilaya nne za Tanzania: Karagwe, Moshi, Mbozi na Mbinga. Mashamba yalikuwa 2,316. Maofisa ugani walizunguka kila shamba kwa miguu, simu mkononi, na programu ikarekodi kila kona kwa latitudo na longitudo za WGS 84, mfumo wa GPS wa kutaja mahali, ule unaosomeka kwa namba EPSG:4326 kwenye skrini. Hakuna aliyekosea hapo. Kahawa ile ilikuwa inakwenda Ulaya, na Kanuni 2023/1115 ya Umoja wa Ulaya kuhusu mazao na ukataji wa misitu inadai mahali shamba lilipo kwa latitudo na longitudo. Data ikihifadhiwa kwa digrii, inapelekwa ilivyo bila kugeuzwa.

Kanuni hiyohiyo ina mstari mmoja uliokizaa kisa hiki. Shamba lisilozidi hekta 4 linaweza kuwakilishwa na nukta moja yenye desimali sita. Likizidi hekta 4, lazima ipelekwe poligoni, mpaka mzima. Mnunuzi naye akaongeza sharti lake: kila shamba linalozidi hekta 4 lizungukwe mara ya pili na ofisa mwingine kabla ya kupelekwa. Mzunguko wa pili ni siku ya mtu, mafuta ya pikipiki, na mkulima kuacha shughuli zake. Safu ya "hekta" kwenye jedwali ndiyo iliyoamua nani azungukwe tena na nani aachwe, na hesabu ya mbolea ya msimu ilitoka kwenye safu hiyohiyo.

Ugumu ni kwamba digrii si urefu. Digrii moja ya longitudo ukiwa Karagwe ni kilometa 111.3, ukiwa Mbinga ni kilometa 109.3. Digrii ya latitudo ni kilometa 110.6 hivi kote nchini. Ukimwambia kompyuta azidishe digrii kwa digrii atakupa "digrii za mraba", kitu ambacho hakina ukubwa mmoja popote. Kwa hiyo kabla ya kupata hekta, ama unahesabu juu ya umbo la dunia lenyewe, ama unailaza dunia kwanza kwenye bapa. Kulaza huko ndiko kunakoitwa projeksheni, na kila projeksheni ina kitu inachokilinda na kitu inachokitoa sadaka.

## Kilichotokea

Mwenzetu wa data alifungua leya kwenye QGIS, programu ya ramani, akaweka picha ya satelaiti chini yake ili aone mashamba. Picha hizo za mtandaoni huja na projeksheni yao, EPSG:3857, na mradi wote ukaifuata. Alipohifadhi nakala ya leya kwa ajili ya hesabu, akachagua projeksheni ya mradi. Vipimo vikawa mita, naye akaridhika, maana alichokuwa anakitafuta ni mita. Kisha akaandika `area($geometry)/10000` na safu ya hekta ikajaa.

Miezi miwili baadaye akanipigia. "Kaka, hekta zangu hazilingani na za kwenye simu. Programu inaonyesha ndogo zaidi, karibu shamba zima kwa zima. Nadhani GPS za simu ni mbovu."

Nikamwomba kitu kimoja tu: agawanye hekta zake kwa hekta za simu, shamba kwa shamba, halafu apange kwa wilaya. Matokeo yalikuja baada ya dakika kumi. Karagwe uwiano ulikuwa 1.007, Moshi 1.010, Mbozi 1.031, Mbinga 1.044. Na ndani ya wilaya moja namba ilitikisika kidogo mno, kwenye desimali ya tatu.

Hapo GPS ikaachiwa huru. Kosa la GPS hutawanyika: shamba hili linazidi kwa asilimia 3, la jirani linapungua kwa 2. Uwiano ukitulia hivyo wilaya nzima, halafu ukapanda kadiri unavyoiacha ikweta kuelekea kusini, mkosaji ni projeksheni. EPSG:3857 ilitengenezwa ili ramani za mtandaoni zivutwe na kukuzwa bila maumbo kupinda, na inalinda maumbo kwa kutanua ukubwa kila unaposogea mbali na ikweta. Tanzania iko karibu na ikweta, kwa hiyo shamba linaonekana la kawaida kabisa na hakuna jicho litakaloshtuka. Kosa lingekuwa la Norwe, ambako eneo huongezeka zaidi ya mara tatu, angeligundua siku ya kwanza.

## Suluhisho la kwanza, lililoharibu kwingine

Kabla sijafika ofisini kwao walikuwa wameshajitibu. Mtu mmoja alikumbuka kwamba wapimaji hutumia UTM, na ofisi ilikuwa na kiolezo cha zamani cha kazi ya Moshi, WGS 84 / UTM kanda ya 37 kusini, EPSG:32737. Wakageuza mashamba yote kwenda huko.

Moshi ikanyooka vizuri sana. Karagwe, iliyokuwa na kosa la asilimia 0.7, ikapanda hadi karibu asilimia 1.9.

UTM hukata dunia vipande vya upana wa digrii 6, na kila kipande kina mstari wake wa katikati. Kanda ya 37 ina mstari wake longitudo 39, na Moshi iko 37.3, jirani kabisa. Karagwe iko 31.1, digrii karibu 8 kutoka mstari huo, nje kabisa ya kanda. Programu haikatai wala haitoi onyo, inaendelea kuhesabu huku kosa likikua kwa mraba wa umbali. Tanzania bara inagusa kanda tatu: ncha ya magharibi kule Kigoma iko kanda ya 35, sehemu kubwa ya magharibi na nyanda za juu kusini iko 36, na mashariki iko 37.

Lakini tusiionee UTM. Ndani ya kanda yake, kwa latitudo zetu, eneo linapungua kwa asilimia 0.08 kwenye mstari wa katikati na kuzidi kwa takriban 0.2 pembeni. Ungekuwa na mashamba ya Mbozi peke yake ningekuambia tumia EPSG:32736 ukalale. Tatizo la kisa hiki ni wilaya nne zilizosambaa kutoka 31 hadi 37, na jedwali moja.

## Shamba moja kwa njia tano

Ili ubishi uishe nilichukua shamba moja la Mbozi, longitudo 33.0, latitudo 8.9 kusini. Umbo lake tuseme ni mstatili: upana digrii 0.00182, urefu kwenda kaskazini digrii 0.00180. Digrii ya longitudo hapo ni mita 109,988 na ya latitudo ni mita 110,601. Hivyo upana ni mita 200.2, urefu mita 199.1, na eneo ni mita za mraba 39,852. Hii unaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu, na ndiyo sababu niliipenda: hakuna programu ya kuaminiwa au kutiliwa shaka.

| Njia | Hekta |
|---|---|
| EPSG:3857, ya picha za mtandaoni | 4.109 |
| Digrii za mraba mara 111 × 111 | 4.036 |
| UTM kanda ya 37 (si kanda yake) | 4.025 |
| UTM kanda ya 36 (kanda yake) | 3.982 |
| Projeksheni ya eneo sawa | 3.985 |

Njia tatu za juu zinalivusha shamba hili mpaka wa hekta 4. Hiyo ya "mara 111" niliiweka kwa sababu kuna mtu mle ofisini alikuwa anaitumia Excel kimyakimya, na kuna wengi kama yeye. Inafanya kazi kwenye ikweta, halafu inaanza kudanganya.

## Uamuzi na sababu zake

Projeksheni ya eneo sawa ina ahadi moja: hekta moja Karagwe na hekta moja Mbinga zitachukua nafasi sawa kwenye bapa. Umbo laweza kubinywa na urefu ukapotea, ila eneo halibadiliki. Kwa hiyo ukitaka hekta peke yake, karibu yoyote kati ya familia hiyo ingetosha. Tulizipima tatu.

Ya kwanza ni EPSG:6933, ya dunia nzima. Ina namba rasmi, inapatikana kila programu, na hekta zake ni sahihi. Lakini imenyooshwa ili ikae vizuri kwenye latitudo 30, na huku kwetu mashamba yanaonekana yamebinywa kutoka pembeni na kuvutwa juu. Hilo lingekuwa suala la sura tu kama kazi ingeishia kwenye hekta. Haikuishia hapo. Tulitakiwa pia kutoa sehemu za mashamba zilizo ndani ya mita 60 za mito, umbali unaotajwa kwenye kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Ukichora ukanda wa mita 60 ndani ya EPSG:6933 pale Mbozi, ardhini unapata mita 68 kwenda mashariki na magharibi, na mita 53 tu kwenda kaskazini na kusini. Mto unaotiririka kwenda kusini utawapunja wakulima wa kando yake, na unaotiririka kwenda mashariki utawapendelea.

Ya pili ni ESRI:102022, projeksheni ya eneo sawa iitwayo Albers, ya Afrika nzima. Eneo sahihi, lakini latitudo zake sanifu, yaani mistari ambako urefu hauna kosa, ni 20 kaskazini na 23 kusini. Tanzania inaangukia katikati ya hizo mbili, mbali na zote, na urefu hapa unakosea kwa asilimia 6 hivi.

Ya tatu ndiyo tuliyoichukua: Albers ileile, ila tukaisogeza nyumbani. Nchi inaanza karibu latitudo 1 na kuishia karibu 11.75 kusini. Kanuni ya zamani ya wachora ramani inasema weka latitudo sanifu moja ya sita ya urefu wa nchi kutoka kila ncha. Hiyo inatupa takriban 3 na 10 kusini. Mstari wa katikati tukauweka longitudo 35.

```
+proj=aea +lat_1=-3 +lat_2=-10 +lat_0=-6.5 +lon_0=35 +datum=WGS84 +units=m +no_defs
```

Kwa mpangilio huu eneo ni sahihi kote, na urefu haukosei zaidi ya asilimia 0.28 popote nchini. Mita 60 za mto zinakosea kwa sentimita 17 kwa ubaya wake wote, na hakuna mto wenye ukingo unaojulikana kwa sentimita 17.

Aliniuliza mmoja wao, na ni swali zuri: kwa nini tuhangaike, wakati QGIS ina `$area` inayohesabu juu ya elipsoidi, yaani umbo la dunia lenyewe, bila kulaza chochote? Kwa hekta tupu, kweli, hakuna haja. Lakini sisi tulikuwa tunakata mashamba kwa mito, tunatafuta mashamba yanayopandana, tunachora kanda za kando ya mito. Shughuli hizo zote zinafanyika kwenye bapa, na nilitaka bapa moja ya kazi zote. `$area` tukaiweka kama msimamizi wa kukagua. Tahadhari yake ni moja: inafuata elipsoidi iliyowekwa kwenye mipangilio ya mradi, na pale palipoandikwa None inarudi kuhesabu bapa kama `area()` bila kukuambia.

## Utekelezaji, na mashamba yaliyohamia Kongo

Siku ya kwanza ya utekelezaji mwenzetu alinitumia picha ya skrini. Mashamba yote 2,316 yalikuwa nukta moja, na nukta yenyewe iko Kongo, katikati ya msitu, si mbali na Kisangani. Safu ya hekta ilikuwa sifuri tupu.

Alikuwa bado anaijaribu ESRI:102022, na badala ya kuchagua Reproject Layer alichagua Set Layer CRS. Maneno yanafanana lakini kazi ni tofauti kabisa. Reproject Layer inahesabu upya kila kona. Set Layer CRS inabadili lebo tu, namba zinabaki zilezile. Kona iliyokuwa longitudo 33, latitudo -8.9, sasa inasomwa kuwa mita 33 mashariki na mita 8.9 kusini ya chanzo cha projeksheni, na chanzo cha 102022 ni ikweta kwenye longitudo 25. Hapo ndipo Kongo. Ukiona mashamba yako yamekuwa nukta, uliza chanzo cha projeksheni kiko wapi, utayakuta hapo.

Baada ya hapo tukakubaliana leya ya asili isiguswe kamwe. Inabaki EPSG:4326, na ubadilishaji unafanyika ndani ya hesabu tu:

```python
import geopandas as gpd

ALBERS_TZ = ("+proj=aea +lat_1=-3 +lat_2=-10 +lat_0=-6.5 "
             "+lon_0=35 +datum=WGS84 +units=m +no_defs")
g = gpd.read_file("mashamba.geojson")
g["hekta"] = g.to_crs(ALBERS_TZ).area / 10000
```

Tulianza kwa kuisajili projeksheni kwenye QGIS ya kompyuta moja, ikapewa jina `USER:100000`. Ilifanya kazi mpaka mradi ulipofunguliwa kwenye kompyuta ya pili, ambako `USER:100000` ilikuwa projeksheni nyingine iliyowahi kutengenezwa na mtu mwingine. Ndiyo maana maelezo kamili sasa yamo ndani ya msimbo.

## Matokeo

Mashamba yaliyokuwa yanazidi hekta 4 yalikuwa 58, na 5 yakashuka chini ya mstari. Mbinga, iliyoandikwa hekta 640, ikawa 613. Hizo hekta 27 zilikuwa tayari kwenye makadirio ya mbolea, na kwa bahati oda ilikuwa haijatoka. Karagwe hakuna aliyeona tofauti. Albers na `$area` zililingana hadi desimali ya tatu kwenye mashamba yote isipokuwa mawili, na yale mawili yalikuwa na mpaka uliojikata kama namba 8, kosa la kuzunguka shamba ambalo halihusiani na projeksheni.

## Uchambuzi

Kilichotusaidia kuliko vyote ni ule mgawanyo wa hekta kwa hekta, uliopangwa kwa wilaya. Bila huo wangebadilisha simu. Kilichotuponza ni kuamini kwamba mita ni mita: leya ikishaonyesha mita, mtu anaacha kuuliza ni mita za nani.

Ila kuna mahali nilijidanganya mimi mwenyewe. Niliandika kwenye ripoti kwamba shamba la Mbozi ni hekta 3.985 na kwa hiyo liko chini ya hekta 4, nikaweka nukta. Ofisa ugani mzoefu akanirudisha darasani. Simu ile hukosea mita 3 kwa urahisi kila kona. Kwa shamba la karibu mita 200 kwa 200 lenye kona nne, kosa la mita 3 kwa kila upande wa kila kona hulitikisa eneo kwa takriban mita za mraba 850, yaani asilimia 2. Tofauti kati ya 3.985 na 4 ni mita za mraba 150. Projeksheni iliondoa kosa linaloegemea upande mmoja, ila haikuweza kuondoa mtikisiko wa kipimo chenyewe. Kwa hiyo tukafuta uamuzi wa mstari mkali. Shamba lolote kati ya hekta 3.8 na 4.2 linapelekwa kama poligoni na linazungukwa mara ya pili, na desimali kwenye jedwali zimepunguzwa hadi mbili.

Mwenye shamba lenyewe hakukubali hata moja ya namba zetu. Kwake shamba ni ekari 8, tangu enzi za baba yake, na amelipima kwa hatua 70 kwa 70 kila ekari. Hekta 3.985 ni ekari 9.85 za kitabuni. Nikamwambia, "Mzee, basi una ardhi kubwa kuliko unavyodhani." Akanitazama, akaitazama ile simu. Hatua zake ni ndefu, karibu mita moja kila moja: mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, ekari ya kitabuni ni 4,047, na ekari 8 za hatua zake zinakaribia hekta 3.9. Yeye na Albers wanatofautiana kwa asilimia isiyofika 2. Jedwali la kwanza la ofisi lilikuwa limemkosea kwa 3.